Asilimia 95 ni ya Mbinu, Si ya Jibu

Ukisoma ripoti za afya, kilimo au uchumi siku hizi, mara nyingi utakuta kila makadirio yamefuatwa na mabano yenye namba mbili. Wastani ni kiasi fulani, kisha ndani ya mabano: kutoka hapa hadi pale, asilimia 95. Wataalamu wa takwimu huyaita masafa ya imani. Mwandishi anapotaka kumfafanulia msomaji maana ya mabano hayo, huandika hivi: "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli uko kati ya namba hizi mbili."

Sentensi hiyo inasomeka vizuri, inaeleweka haraka, na si sahihi. Inasema jambo ambalo hesabu iliyofanyika haikulisema. Wala kosa hili si la waandishi wa habari peke yao. Mwaka 2014 watafiti wanne, Rink Hoekstra, Richard Morey, Jeffrey Rouder na Eric-Jan Wagenmakers, walichapisha uchunguzi uliowahusisha watafiti 120 na wanafunzi 442 wa saikolojia. Kila mmoja alipewa masafa ya imani yanayoanzia 0.1 hadi 0.4 pamoja na kauli sita za kuyafasiri, aseme ipi ni kweli na ipi si kweli. Kauli zote sita zilikuwa si kweli, na mojawapo ni hiyo tuliyoitaja. Kwa wastani, washiriki walizikubali zaidi ya tatu. Watafiti waliobobea hawakuwazidi kwa lolote la maana wanafunzi ambao walikuwa hawajafundishwa kabisa somo la kukisia kutokana na sampuli.

Kosa linalowapata wanafunzi na walimu wao kwa kiwango kimoja halitokani na uzembe. Linatokana na swali lenyewe: sisi sote tunataka kujua ukweli uko wapi, na masafa ya imani yanaonekana kana kwamba yanatujibu. Ili kuona yanajibu swali gani hasa, inafaa tuyatengeneze wenyewe kwa mkono, kwa namba halisi.

Wagonjwa kumi na saa za usingizi

Mwaka 1905 wanasayansi wawili, Arthur Cushny na Roy Peebles, walichapisha matokeo ya majaribio ya dawa za usingizi yaliyofanywa kwa wagonjwa wa hospitali ya akili huko Kalamazoo, Michigan, Marekani. Wagonjwa walipewa dawa tofauti kwa zamu, na kila mmoja aliandikiwa saa za usingizi alizoongezewa na kila dawa. Miaka mitatu baadaye, William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alizichukua namba za wagonjwa kumi ili kuonyesha namna ya kufanya hesabu pale sampuli inapokuwa ndogo. Mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo alitumia jina la Student, yaani Mwanafunzi. Makala yake ya 1908 ndiyo mzizi wa hesabu inayofanywa leo katika karibu kila tasnifu yenye takwimu.

Tuchukue tofauti kati ya dawa ya pili na ya kwanza kwa kila mgonjwa, kwa saa. Ni hizi: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Ukizijumlisha unapata 15.8, ukigawanya kwa kumi unapata wastani wa 1.58. Kwa wagonjwa hawa kumi, basi, dawa ya pili iliongeza usingizi kwa zaidi kidogo ya saa moja na nusu kuliko ya kwanza.

Lakini hatukuwa tukiwatafuta hawa kumi tu. Tunachotaka ni wastani ambao tungeupata kama tungeweza kuwajaribu wagonjwa wote wa aina hii. Huo ndio wastani wa kweli. Ni namba moja, haibadiliki, na hatuijui.

Hatua inayofuata ni kupima jinsi namba kumi zilivyotawanyika. Kipimo cha mtawanyiko huo huitwa mkengeuko sanifu, na hapa ni saa 1.23. Ukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha kumi, ambacho ni 3.16, unapata 0.39. Hiyo huitwa kosa sanifu, na hutuonyesha wastani wa sampuli ya watu kumi unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine. Mwishoni tunafungua jedwali lililotokana na kazi ya Gosset. Kwa sampuli ya kumi na kiwango cha asilimia 95, jedwali linatupa 2.262. Tunaizidisha kwa 0.39 na kupata 0.88. Tukiiondoa 0.88 kwenye 1.58 tunabaki na 0.70; tukiiongeza tunafika 2.46.

Hayo ndiyo masafa ya imani: kutoka saa 0.70 hadi saa 2.46. Sasa swali: hiyo asilimia 95 imeingilia wapi katika hesabu hii?

Imeingilia mahali pamoja tu, kwenye ile namba ya jedwali. Namba 2.262 ilichaguliwa kwa sababu ifuatayo. Tuseme tungerudia kazi hii yote mara nyingi mno, kila mara tukichukua wagonjwa wapya kumi kwa bahati nasibu na kutengeneza masafa yao kwa hatua zilezile. Kila mara tungepata wastani mwingine, mtawanyiko mwingine, na kwa hiyo masafa mengine, safari hii yamesogea kushoto, safari nyingine kulia, mara mapana, mara membamba. Iwapo tofauti za wagonjwa zimetawanyika kwa namna ya kawaida ambayo hesabu inaidhania, mara 95 kati ya kila 100 masafa hayo yangeuzingira wastani wa kweli, na mara 5 yangeukosa. Jedwali halikuahidi zaidi ya hapo.

Angalia ni kipi kinachosogea katika maelezo hayo. Wastani wa kweli umetulia mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Yanayohama ni masafa, kwa kuwa yanafuata sampuli. Uwezekano wa asilimia 95 ni sifa ya kazi ya kutengeneza masafa. Mara tu masafa yanapokuwa 0.70 hadi 2.46, hakuna tena kinachosogea. Namba mbili zimekwisha andikwa, na wastani wa kweli ama umo kati yake au haumo.

Mgonjwa mmoja akikosekana

Ili hilo lisibaki maneno matupu, turudi kwenye orodha. Mgonjwa wa tisa aliongezewa saa 4.6, nyingi kuliko wenzake wote. Tuseme siku ile hakuwa wodini, na wakabaki tisa. Wastani unashuka hadi 1.24. Mtawanyiko unapungua karibu nusu, hadi 0.66. Kwa watu tisa jedwali linatupa 2.306, na masafa yanakuwa 0.74 hadi 1.75.

Masafa haya nayo yana chapa ya asilimia 95, na yameipata kwa haki, kwa sababu hatua ni zilezile. Mtu anayeamini kwamba asilimia 95 ni uwezekano wa ukweli kuwemo ndani sasa amebanwa. Kwa masafa ya kwanza, tofauti ya saa mbili ni jambo linalowezekana kabisa. Ni sehemu ya eneo alilolipa asilimia 95. Kwa masafa ya pili, saa mbili ziko nje, katika eneo aliloliachia asilimia 5 tu. Wastani wa kweli wa dawa hizo haukubadilika kwa sababu mgonjwa mmoja hakuwepo. Kilichobadilika ni masafa. Ukiisoma asilimia 95 kama sifa ya mbinu, hakuna mgongano wowote: mbinu moja imetoa matokeo mawili tofauti kutoka kwa data mbili tofauti, kama ilivyotarajiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba Gosset mwenyewe hakuuona mpaka huu. Alipomaliza hesabu yake ya dawa hizi mbili, aliandika kwamba uwezekano wa dawa ya pili kuwa bora ni kama 666 kwa 1. Alikuwa akipima jinsi data inavyoweza kuyumba, kisha akazungumza kana kwamba amepima dawa yenyewe. Wakati huo lugha ya kulitenganisha jambo hili ilikuwa bado haijapatikana.

Aliyeipata ni Jerzy Neyman, mwanahisabati wa asili ya Poland aliyezaliwa mwaka 1894 huko Bendery, mji ambao leo uko Moldova. Mwaka 1934 aliwasilisha wazo la masafa ya imani mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu mjini London. Mwanatakwimu mkongwe Arthur Bowley, aliyekuwa akichangia siku hiyo, alitia shaka waziwazi kama imani hiyo haikuwa kiini macho. Alitaka kujua kama masafa hayo yanasema chochote kuhusu uwezekano wa ukweli katika jamii iliyopimwa. Lilikuwa swali zuri. Katika makala ndefu ya 1937 Neyman alilijibu kwa uwazi: sampuli ikishachukuliwa na masafa yakishahesabiwa, mtu hawezi tena kusema kwamba uwezekano wa wastani wa kweli kuwemo ni asilimia 95. Kwa masafa yale mahususi, uwezekano huo ni moja au ni sifuri, na hatujui ni upi. Aliyeyabuni masafa haya ndiye aliyekataza yasomwe hivyo, tangu siku za mwanzo kabisa.

Gunia juu ya mizani kuukuu

Msomaji makini atauliza swali la haki. Kama mbinu inafanikiwa mara 95 kati ya 100, na mimi nimeitumia mara moja, kuna ubaya gani kusema kwamba mara hii moja ina uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa miongoni mwa zile zilizofanikiwa? Swali hili ndilo linalowapotosha wengi. Jibu lake linaonekana vizuri zaidi tukiacha dawa na kwenda sokoni.

Chukua mizani kuukuu inayopima magunia ya mahindi. Tunaijua tabia yake: inaweza kukosea hadi kilo 5, juu au chini, na kila kiasi cha kosa ndani ya mipaka hiyo kina nafasi sawa na kingine. Haizidi kilo 5 kamwe. Mnunuzi anapima gunia lake mara mbili na kuziandika namba zote mbili. Masafa yake ni kutoka namba ndogo hadi kubwa.

Mbinu hii ni halali kabisa, na kiwango chake cha imani ni asilimia 50. Sababu yake ni rahisi. Kila upimaji una nusu ya nafasi ya kuzidi uzito wa kweli na nusu ya kupungua. Ukipima mara mbili kuna sura nne zenye nafasi sawa: zote zimezidi, zote zimepungua, ya kwanza imezidi na ya pili imepungua, au kinyume chake. Katika mbili za mwisho, uzito wa kweli uko katikati. Mbili kati ya nne ni nusu. Ukipima magunia elfu kwa namna hii, masafa yatauzingira uzito wa kweli katika magunia kama mia tano.

Sasa mnunuzi wa kwanza amepata kilo 92 na kilo 99. Namba ya 99 haiwezi kuuzidi ukweli kwa zaidi ya kilo 5, kwa hiyo gunia halipungui kilo 94. Namba ya 92 haiwezi kuwa chini ya ukweli kwa zaidi ya kilo 5, kwa hiyo gunia halizidi kilo 97. Uzito wa kweli uko kati ya 94 na 97, na yote hayo yamo ndani ya 92 na 99. Hapa hakuna cha kubahatisha: masafa yake yana ukweli kwa hakika kamili. Hata hivyo chapa yake inasema asilimia 50.

Mnunuzi wa pili amepata kilo 95.0 na kilo 95.1. Kwa hesabu ileile, uzito wa kweli wa gunia lake unaweza kuwa popote kuanzia kilo 90.1 hadi kilo 100. Masafa yake yamefunika gramu 100 tu kati ya kilo 9.9. Kama hana sababu ya kupendelea uzito mmoja kuliko mwingine ndani ya eneo hilo, nafasi ya ukweli kuwemo kwenye masafa yake ni 1 kati ya 99. Chapa yake nayo inasema asilimia 50.

Wote wawili wametumia mbinu moja, na mbinu hiyo haikudanganya: kwa magunia mengi, hufaulu nusu. Lakini nusu hiyo ni wastani uliochanganya masafa mapana yenye uhakika na masafa membamba yasiyo na kitu. Ukishayaona masafa yako, unajua mengi kuliko ulivyojua kabla ya kupima, na kile ulichokiona kinaweza kukuambia kwamba wewe umeangukia upande mzuri au mbaya wa wastani huo. Kulibeba lile fungu la kabla ya kupima na kulibandika juu ya namba zilizokwisha patikana ni kuitupa taarifa iliyo mbele ya macho yako. Tazama pia kwamba masafa membamba, ambayo mtu angeyasifu kwa kuwa mahususi zaidi, ndiyo mabaya zaidi hapa.

Masafa ya Gosset hayana ukorofi wa kiasi hiki. Lakini mizani inatosha kuthibitisha kwamba kuhama kutoka "mbinu hufaulu mara kadhaa kati ya mia" hadi "masafa haya yana uwezekano huohuo" si hatua ya kimantiki. Wakati mwingine utafika salama, wakati mwingine utapotea, na chapa ya asilimia haitakuonyesha ni lini.

Ukitaka uwezekano, lipa bei yake

Je, haiwezekani kabisa kusema uwezekano wa wastani wa kweli kuwa kati ya 0.70 na 2.46? Inawezekana, kwa njia nyingine ya takwimu inayobeba jina la Thomas Bayes, kasisi Mwingereza wa karne ya 18. Njia hiyo inakutaka kwanza utamke, kwa namba, ulichokuwa ukikiamini kuhusu dawa kabla ya kuiona data. Kisha data inairekebisha imani hiyo, na mwishoni unapata masafa ambayo kweli unaweza kusema yana uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa na jibu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wajuzi. Ukianza kwa kusema kwamba kabla ya utafiti hukupendelea tofauti yoyote kuliko nyingine, njia ya Bayes itakupa masafa yaleyale: 0.70 hadi 2.46. Wengi hutua hapo na kusema ubishi umekwisha. Haujaisha. Namba zimelingana kwa sababu umeongeza dhana, na dhana hiyo inadai kwamba tofauti ya saa 20 za usingizi kwa usiku mmoja ilikuwa na nafasi sawa na tofauti ya saa moja. Hakuna daktari anayeamini hivyo. Ukiingiza maarifa ya kweli ya daktari, kwamba dawa nyingi zinazofanana hutofautiana kidogo, masafa yatasogea kuelekea sifuri. Na watu wakiwa kumi tu, yanaweza kusogea sana.

Kwa hiyo anayesema "uwezekano wa asilimia 95" juu ya masafa ya kawaida amechukua jibu la Bayes bila kutaja imani ya mwanzo. Msomaji hapati nafasi ya kuihoji imani hiyo, kwa kuwa haikuandikwa popote.

Mabano ya ripoti zetu

Sisi tunayakuta mabano haya katika kazi kubwa za kitaifa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na masafa ya imani yakawa 446 hadi 666. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2010, ulikuwa na makadirio ya 454, masafa 353 hadi 556. Hapa si wastani bali ni uwiano, lakini mantiki ya mabano ni moja.

Akitokea mtu akasema kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa kiwango halisi kilikuwa kati ya 446 na 666, ameupa utafiti mmoja mamlaka ya kufuta kila kitu kingine tunachokijua. Masafa hayo hayajui kwamba utafiti wa 2010 ulifanyika. Hayajui kumbukumbu za hospitali, wala mabadiliko ya idadi ya akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya. Yametokana na sampuli moja na hesabu moja. Mtu anayetaka kutaja uwezekano wa kiwango halisi hana budi kuyaweka hayo yote mezani.

Kuna mpaka mwingine ambao tafsiri potofu huuficha. Asilimia 95 inahesabu bahati ya sampuli peke yake: kwamba kaya hizi zilichaguliwa badala ya zile. Namba za vifo vya uzazi katika tafiti hizi hupatikana kwa kuwauliza wanawake kuhusu dada zao wa mama mmoja, nani yu hai, nani amefariki, na kama alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au muda mfupi baadaye. Dada aliyesahauliwa, au kifo ambacho familia haikujua kilihusiana na mimba, hakimo ndani ya hesabu ya masafa. Makosa ya namna hiyo yakielemea upande mmoja, yanaweza kuyahamisha masafa yote kutoka kwenye ukweli, na chapa ya asilimia 95 ikabaki palepale. Ripoti hizi hulisema hilo. Hutenganisha makosa ya sampuli na makosa mengine. Kiambatisho chao cha makosa ya sampuli hueleza asilimia 95 kwa usahihi pia, kwa kuzungumzia sampuli zote zinazowezekana za ukubwa na mpango uleule. Maelezo sahihi yamo ndani ya ripoti, lakini yako mwishoni, mahali ambapo wanaoandika vichwa vya habari hawafiki.

Tuandikeje?

Sentensi sahihi si ngumu kama inavyodhaniwa. Kwa wagonjwa wa Kalamazoo ingekuwa hivi: "Kwa wastani dawa ya pili ilizidi kwa saa 1.58; masafa ya 0.70 hadi 2.46 yametengenezwa kwa mbinu ambayo, ikirudiwa kwa sampuli nyingi, huuzingira wastani wa kweli mara 95 kati ya 100." Ni ndefu kidogo, lakini kila neno lake limelipiwa na hesabu.

Pakiwa pafinyu, ipo njia fupi isiyodanganya: "Data hizi zinapatana na tofauti ya kuanzia saa 0.70 hadi saa 2.46." Maana yake ni kwamba ukipendekeza wastani wowote ulio ndani ya masafa, sampuli tuliyoipata isingekuwa ya ajabu, ukipendekeza ulio nje, kwa mfano sifuri au saa tatu, ungelazimika kukubali kwamba tumepata sampuli ya nadra, ya aina inayotokea chini ya mara 5 kati ya 100. Kauli hiyo inaihukumu kila namba inayopendekezwa kwa kuilinganisha na data. Haigawi uwezekano kwa ukweli.

Kwa msomaji, kipimo ni kimoja. Ukikuta asilimia 95 karibu na mabano, uliza ni mara 95 kati ya mia za nini. Kama jibu ni za tafiti ambazo zingefanywa kwa namna ileile, mwandishi ameelewa alichokiandika. Kama jibu ni za nafasi ya ukweli kuwa kati ya namba hizi mbili, mwulize alianza akiamini nini kabla ya kuiona data. Akiwa nacho cha kukuonyesha, mnaweza kujadiliana kama imani hiyo inafaa. Akiwa hana, basi uwezekano aliouandika haukutoka kwenye hesabu yoyote, na hakuna uamuzi wa dawa, wa bajeti wala wa sera unaopaswa kuegemea juu yake.